Mlaza Kengele wa Uthiru

Kwa miaka ishirini na sita, watoto wa Shule ya Mwangaza Mwema, pale Uthiru, waliishi kwa mkono wa Kivuva. Aliwaingiza darasani, akawatoa kucheza, akawapeleka kula na kuwarudisha kwao. Kengele yake ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo nyuma ya jikoni, na mchi wake ulikuwa kipande cha nondo kilicholainika kwa kushikwa. Kengele ya kwenda darasani aliipiga kwa ukali, mapigo mafupi mafupi. Ya chakula aliipiga kwa huruma. Ya kwenda nyumbani aliianza polepole kisha akaiachia, na hiyo ndiyo watoto waliyoiga kwa vijiko mezani mpaka mama zao wakawafinya.

Mtu wa namna hiyo usimwambie kwamba kuna kidude kinachotoshea kwenye mfuko wa shati kinachoweza kufanya kazi yake. Wao walimwambia, tena kwenye mkutano, mbele ya wapishi.

Aliyeleta wazo hilo ni Mwalimu Wachira, naibu wa mkuu wa shule, mtu anayependa kila kitu chenye waya. Aliona kengele ya mashine katika shule moja ya Hurlingham alikokwenda kwa semina, akarudi na homa ya kuitaka. Mwalimu mkuu, Madam Waringa, akakubali, na kazi ya kuijenga akapewa Teacher Nyakio, binti wa kompyuta aliyekuwa na mkataba wa mwaka mmoja. Nyakio akanunua kompyuta ndogo ya bodi moja, ukubwa wake kama kitambulisho na unene kama mkate wa slesi mbili. Haina diski. Kila kitu chake, akili na kumbukumbu, kimo ndani ya memori kadi isiyozidi ukucha. Akaifunga kwenye sanduku la mbao ndani ya stoo, akaiunganisha na spika mbili za juu ya paa, akairekodia sauti ya ting-tong kama ya uwanja wa ndege.

Kamati ikaamua hivi: mashine ikilia wiki tatu mfululizo bila kukosa, rimu itauzwa kwa watu wa vyuma chakavu, na Mzee Kivuva atapumzishwa. Neno lenyewe ni hilo, kupumzishwa, kana kwamba aliomba. Alikuwa na miaka hamsini na minane, goti moja bovu, na hakuchoka hata kidogo. Aliposikia uamuzi ule alienda nyuma ya jikoni akaishika ile rimu kwa mikono miwili, na niseme wazi kwamba alilia.

Basi mashine ikalia. Jumatatu ting-tong, Jumanne ting-tong. Jumatano asubuhi kimya. Watoto wakasimama uwanjani wakitazama paa. Wachira akakimbia stoo, Nyakio akakimbia nyuma yake, na Kivuva, ambaye kwa bahati tu alikuwa amesimama karibu na rimu, na kwa bahati tu alikuwa na nondo mkononi, akapiga kengele kwa raha ambayo hakuwa ameipata tangu harusi yake.

Nyakio alichomeka skrini akaona maandishi meupe kwenye giza: kadi imeharibika, mashine haioni njia ya kuamka. Akaiandika upya kwa laptop yake, ikafufuka. Siku nne za masomo baadaye ikafa tena. Akanunua kadi mpya mjini, Luthuli Avenue, ya bei ya juu zaidi. Hiyo ilikufa baada ya siku sita, na kila ilipokufa hesabu ya wiki tatu ilianza upya. Kivuva akawa anakunywa chai yake ya saa nne kwa mbwembwe. Mkewe, Ngina, akamuuliza nyumbani mbona anaimba anapovaa soksi. Akamwambia ni goti limepona.

Wachira hakuamini kadi. Aliamini watu wabaya. Alimtazama Kivuva kwa jicho la polisi, akaweka kufuli moja kwenye sanduku na nyingine kwenye mlango wa stoo, na funguo zote mbili akazitundika shingoni.

"Sasa tuone huyo mtu ataingilia wapi," akasema kwa sauti, akielekea upande wa jikoni.

Kivuva akamjibu kwamba ni vizuri sana, siku hizi wezi ni wengi. Na alisema kweli, maana hakuwa ameigusa mashine hata kwa kidole. Hilo ndilo lililomfurahisha zaidi. Kitu kilikuwa kinajifia chenyewe, na yeye mikono yake ilikuwa safi kama ya daktari. Mcheza kwao hutuzwa, alijiambia, na akaipaka rimu yake mafuta.

Kisha ikaja Jumatatu ya vituko. Mtandao wa ofisi ulikuwa umekatika tangu usiku. Kivuva alifika, kama kawaida, akawasha stima ya shule saa kumi na mbili na nusu, mashine ikaamka, na watoto wa kwanza wakaanza kuingia na sweta zao. Dakika kumi na tatu hivi baadaye spika zikalia ting-tong, na sauti ya Nyakio, tamu kabisa, ikawatangazia wanafunzi kwamba masomo ya leo yamekwisha na waende nyumbani salama. Mtoto wa Kenya haulizi maswali kwenye neema. Waligeuka pale pale getini. Madam Waringa, aliyekuwa anashuka kwenye gari, alipishana na darasa la nne zima likirudi barabara ya Waiyaki Way kwa mbio. Kivuva alilazimika kuingia jikoni na kuweka uso wake ndani ya gunia la kabichi mpaka kicheko kikaisha.

Ni siku hiyo Nyakio alipomfuata kule jikoni na kikombe chake cha chai. Hakuja kumlaumu. Alikaa kwenye debe la mafuta, akaonekana mdogo kuliko umri wake.

"Mzee, hii kitu yangu haina saa yake," alimwambia. "Inauliza mtandao saa ngapi. Ikikosa mtandao, inaendelea na saa ya mwisho iliyoandika. Leo imeamka ikidhani ni jioni ya Ijumaa, saa kumi na robo. Hiyo inanionyesha inakatwa kila jioni baada ya hapo. Si kuzimwa vizuri, kukatwa tu, na kadi ikiwa inaandikwa. Ni kama mtu akunyang'anye kalamu katikati ya neno, na kitabu akirarue. Huku stima hupotea jioni?"

Kivuva alikuwa na kipande cha mkate mdomoni, na kikamkwama. Kwa sababu kila jioni saa kumi na moja, kabla ya kufunga geti, ni yeye aliyeivuta chini swichi kubwa iliyo kwenye baraza, nje kabisa, mbali na kufuli zote za Wachira. Na hakuivuta kwa ubaya. Juu yake palikuwa na karatasi iliyowekwa plastiki, yenye sahihi ya Madam Waringa na muhuri: ZIMA MAIN SWITCH KABLA YA KUONDOKA. Iliandikwa miaka mitatu nyuma, baada ya mwalimu mmoja kusahau koili ya kuchemshia chai kwenye ndoo na kuchoma pazia la stafurumu. Walimu wote walikuwa wameshaizoea karatasi ile hata hawakuiona tena, na Nyakio, aliyetoka saa kumi na nusu kuwahi masomo yake ya jioni mjini, hakuwahi kuwepo swichi ikishushwa. Kila asubuhi alikuta stima ipo.

Mzee wa watu akameza mkate.

"Stima ya huku," alisema, "wewe unaijua."

Hakusema uongo, sivyo? Hivyo ndivyo alivyojiuliza njiani, na akajijibu kwamba hakusema. Sheria ni ya mkuu wa shule, muhuri ni wa shule, na mfanyakazi mtiifu haongezi maneno kwenye amri. Jioni ile aliishusha ile swichi kwa heshima mpya kabisa, kidole kwa kidole, kama anayepiga saluti. Jumatano kadi ikafa. Hata mimi ninayesimulia siwezi kumtetea hapo.

Angeendelea hivyo mpaka astaafu kwa umri, lau si goti. Wiki iliyofuata lilivimba, ikabidi aende kliniki Kangemi asubuhi na mapema, na mashine ilikuwa maiti. Njia nzima aliwaza watoto waliosimama uwanjani. Akarudi saa tano akitarajia fujo, akakuta madarasa yametulia. Mpishi akamwambia kwamba Teacher Nyakio alifika kabla ya wote, akaazima nondo, na akapiga kila kengele kwa dakika yake. Tena alipiga ile ya kwenda darasani kwa mtindo wa Kivuva mwenyewe, kwa ukali, mapigo mafupi mafupi, mpaka wapishi wakadhani mzee amerudi. Na alimwomba mpishi asimwambie Wachira kwamba Kivuva hayupo.

Hilo lilimuuma kuliko goti. Na halikuisha hapo. Alasiri, akifagia chini ya dirisha la ofisi, alimsikia Wachira akimweleza Madam kwamba kadi nne zimeharibika, kwamba shida si mashine bali fundi, na mkataba wa Nyakio usiongezwe shule ikifungwa. Madam hakubisha. Alisema tu kwamba atampa mpaka mwisho wa mwezi.

Kivuva alisimama na ufagio wake muda mrefu. Alikuwa ametaka mashine ife. Hakuwa ametaka mtu afe nayo. Aliona aibu, ile ya kuchoma masikio, ya mtu mzima aliyejificha nyuma ya muhuri.

Siku ya pili alimwomba Nyakio asitoke mapema. Saa kumi na moja akampeleka barazani, akamsimamisha mbele ya ile karatasi, akaweka mkono kwenye swichi.

"Mwizi wako ni mimi," alimwambia. "Kila siku, saa hii."

Akaishusha. Stoo ikanyamaza.

Nyakio alitazama karatasi, akatazama swichi, akatazama ile kufuli inayong'aa kwenye mlango wa stoo. Kisha akakaa chini barazani na sketi yake safi, akacheka mpaka akashika mbavu. Kivuva, aliyekuwa amejitayarisha kwa machozi au matusi, hakujua afanye nini na mikono yake. Nyakio alipopata pumzi alimuuliza alijua tangu lini. Mzee akamwambia ukweli, tangu siku ya watoto kwenda nyumbani asubuhi. Kicheko kikakatika. Halafu Nyakio akamwambia kwamba yeye angekuwa na rimu kama ile, pengine naye angenyamaza.

"Lakini kuna kitu kingine kinanisumbua," akasema. "Iliwahi kufa hata mchana."

Hapo Kivuva akajikuta anajua kitu ambacho binti huyu msomi hakukijua. Katika kuinyemelea mashine dirishani kila siku, akiiombea mabaya, alikuwa ameisoma tabia. Akamwambia kwamba ina taa nyekundu, na kila spika zinapolia, ile taa huzimika kidogo kisha hurudi.

Nyakio akainuka upesi. Jumamosi walikuwa mjini wote wawili, Luthuli, katika duka moja jembamba lililojaa waya kama tumbo la samaki. Muuzaji akachomeka chaja iliyokuwa ikiilisha mashine, ya simu ya Nyakio, na waya wake mrefu mwembamba, kwenye kidude cha kupima. Bila mzigo, volti tano. Alipoweka mzigo kama wa ile bodi na kipaza sauti chake kinachoendesha spika, ikashuka mpaka nne na nusu. Kivuva hakuhitaji kufafanuliwa. Alisema ni kama kumwagilia sukumawiki kwa paipu jembamba la mita hamsini: mtu wa mwisho anapata mate. Muuzaji akamtazama kwa heshima, akasema ndivyo hasa, na bodi inayopata mate hukosea inapoandika. Wakanunua chaja yake halisi ya ampea tatu, yenye waya mfupi mnene usiochomoka, na kibetri cha duara kama cha saa ya mkononi, cha kuiwezesha mashine kukumbuka wakati hata ikiwa imezimwa. Kipaza sauti kikatafutiwa umeme wake chenyewe. Betri kubwa ya kuishikilia stima ikipotea waliiomba kamati, na kamati ikasema muhula ujao, yaani hapana.

Jumapili baada ya kanisa Nyakio akaazima funguo za Wachira, akafanya kazi peke yake stoo. Kitu cha mwisho alichoweka ni kitufe chekundu, kikubwa kama kifuniko cha soda, ubavuni mwa sanduku.

Jumatatu aliwaita mkuu na naibu. Akawaeleza chaja, akawaeleza saa, na alipofika kwenye swichi ya main hakumtaja mtu yeyote. Alionyesha tu karatasi yenye sahihi. Madam Waringa akakohoa. Wachira akashika funguo zake shingoni kana kwamba zimepata moto.

"Sheria ibaki, Madam, ni nzuri," Nyakio akasema. "Lakini kabla ya kuzima main, lazima hii ilazwe. Unabonyeza hapa sekunde tatu, unangoja hii taa ya kijani iache kupepesa, halafu ndio unazima. Kila siku. Mtu akiruka siku moja, kadi inaenda."

Wachira akasema hilo jambo dogo, prifekti atafanya. Nyakio akatikisa kichwa. Prifekti huugua, huhama, hukimbilia mpira. Anahitajika mtu anayekuwepo mpaka mwisho, asiyekosa saa, mwenye mkono mtulivu. Akataja miaka ishirini na sita. Akasema pia kwamba rimu isiuzwe, maana mashine yoyote huhitaji wa kuishikia zamu. Madam Waringa akafikiri, na mwishowe akachukua kalamu ya wino mzito, akaongeza chini ya tangazo lake: MZEE KIVUVA AILAZE KENGELE KWANZA. Akapiga muhuri, na Kivuva akachongewa ufunguo wake wa stoo.

Wiki tatu zikapita, mashine ikalia bila kukosa, na hakuna aliyezungumza tena habari za kupumzishwa. Mkataba wa Nyakio ukaongezwa. Kila jioni Kivuva alibonyeza, akahesabu, akaangalia taa ya kijani ikipepesa, ikipepesa, ikitulia.

Kisha ikanyesha mvua siku moja, ile ya kupofusha. Kivuva alikimbia na goti lake, akashusha swichi, akafunga geti, na alikuwa ameshavua viatu nyumbani alipokumbuka. Hakuibonyeza. Ngina alimwuliza mbona hali. Alilala akiiona kadi imekufa, Nyakio ameitwa ofisini, na kosa, safari hii, likiwa lake kabisa bila muhuri wa kujifichia. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa shuleni na nondo mkononi. Akawasha stima. Akangoja kwenye dirisha la stoo.

Ting-tong, ikalia, kwa dakika yake.

Alishukuru Mungu. Lakini mtu aliyepiga kengele miaka ishirini na sita huwa na muda wa kufikiri kati ya moja na nyingine. Jumanne iliyofuata akasahau tena, safari hii kwa makusudi. Ikalia. Alhamisi akasahau kwa makusudi makubwa zaidi, akaishusha swichi ting-tong yenyewe ikiwa katikati ya kulia. Asubuhi ikalia kama haijui kilichotokea.

Akampigia simu yule muuzaji wa Luthuli, maana alikuwa ameomba namba yake. Muuzaji akamweleza bila kujua anafichua nini: mtu akitaka kadi isife, huifunga isiandikwe kabisa. Mashine huisoma tu, na yale ya kuandika huyaweka kwenye kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika stima ikienda. Hiyo unaweza kuikata hata mara kumi kwa siku.

Kwa hivyo kitufe chekundu hakikuwa na lazima. Kilikuwa kinafanya kazi, ndiyo, lakini hakuna kadi iliyokitegemea. Kivuva alikata simu, akakaa kwenye debe la mafuta jikoni, na moyo ukamjaa mpaka akashindwa kumaliza chai.

Akamkuta Nyakio darasani akisahihisha vitabu.

"Teacher," alianza, "juzi nilisahau kuilaza."

Nyakio hakuinua kichwa. "Haiwezekani, Mzee. Ungesahau, isingelia."

Kivuva akaanza kugeuka pale mlangoni.

"Kweli kabisa," alisema. "Nimechanganya siku."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hii ilikuwa na midomo miwili iliyofungwa vizuri. Jioni ile Wachira alipita barazani na funguo zake, akaukuta mlango wa stoo wazi na mzee ndani, amesimama mbele ya sanduku, kofia ameivua, kidole juu ya kitufe chekundu. Akataka kumuuliza kama ni lazima akae hapo muda wote huo.

Kivuva akamwinulia mkono mwingine bila kugeuka.

"Mwalimu, rudi nyuma kidogo," akamnong'oneza. "Inashikwa na usingizi."

Na Wachira, mwenye diploma, akarudi nyuma kwa ncha za viatu.